Picha imefika, ombi halijafika: kutatua matatizo ya ujumbe wa picha unaoagiza kipuri

Duka letu la vipuri vilivyotumika liko Ilala, Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yetu siku hizi huingia kwa simu. Fundi aliye Tabora, Songea au Kigoma hufungua kifaa kwenye gari, hukipiga picha, huituma kwa WhatsApp, nasi hukitafuta kwenye rafu na kukipakia basini. Mwaka jana mpwa wangu alianza kujifunza ufundi katika gereji moja mjini Tabora, na mkuu wake akamkabidhi kazi ya kuagiza vipuri. Agizo lake la kwanza kwetu lilikuwa picha moja ya kioo cha pembeni kilichovunjika, kile ambacho mafundi hukiita saiti mira, na chini yake neno moja tu: "Mjomba?"

Tulirushiana ujumbe tangu asubuhi hadi jioni, na kioo kilichofika Tabora kesho yake kilikuwa cha upande mwingine. Nilikasirika kidogo, kisha nikagundua kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha, na kwamba wateja wangu wengi wazoefu hukosea vilevile, isipokuwa wao nimeshawazoea na ninajua kubahatisha. Maelezo yanayofuata ni yale niliyomfundisha mpwa wangu baada ya hapo, na nimeyaandika kwa ajili ya mtu ambaye naye ana kijana wa kumfundisha kazi hii.

Nashauri ufundishe kwa kuanzia kwenye jibu. Fundi hasikilizi gari zima kwa mpigo mmoja, bali husikia mlio fulani na kuufuata hadi unakotoka. Ujumbe nao una mlio wake, ambao ni jibu la msomaji. Kila jibu lisilokuwa lile ulilolitarajia linaonyesha sehemu fulani ya ujumbe iliyopungua, kwa hiyo mwambie kijana asifute mazungumzo yaliyoharibika, kwa sababu ndiyo mtakayoyafungua mezani.

Dalili: msomaji anajibu "Hiki nini?" au anarudisha alama ya kuuliza

Aliyepiga picha amekuwa na gari lile tangu asubuhi. Amelisikia likigongwa, amekusanya vipande, ameongea na mwenye gari, na kwake picha ile imejaa habari zote hizo. Msomaji hana hata moja. Katika picha ya mpwa wangu niliona mlango mweupe wenye mkwaruzo mrefu, kioo cha dirisha, kifuniko cha saiti mira kilichopasuka, waya zinazoning'inia na kiganja cha mtu. Mkwaruzo ndio uliovuta macho yangu kwanza, nikadhani anatafuta mlango.

Chanzo ni kwamba picha haina kitenzi. Inaonyesha vitu vilivyopo, lakini haisemi mtu anataka vifanyweje. Kwa picha ileile moja kijana angeweza kuwa anataka kununua, anauliza jina la kifaa, anauliza kama kinaweza kuungwa, au ananionyesha tu ajali aliyoiona. Kwa hiyo sentensi ya kwanza iliyo chini ya picha lazima ibebe kitenzi kimoja cha kuomba na jina la kitu kimoja: "Naomba kununua saiti mira hii nzima." Neno "nzima" lina kazi yake hapo, kwa kuwa saiti mira huuzwa kwa namna tatu, yaani kioo kitupu, kifuniko cha nje peke yake, au yote pamoja na mkono wake na mota ya ndani, na bei zake zinapishana sana.

Baada ya kitenzi, mfundishe kutia alama juu ya picha yenyewe. Kabla ya kutuma, WhatsApp huonyesha picha ikiwa na alama ya kalamu juu yake, na kwa kidole mtu anaweza kuzungushia duara kitu anachokitaka. Duara liwe moja. Nimewahi kupokea picha yenye maduara 6 ya rangi 3 tofauti, na kufikia duara la nne nilikuwa nimerudi kulekule pa kutojua kinachotakiwa. Kama vitu ni viwili kweli, aandike herufi A na B kando ya maduara, kisha katika maneno ataje A ni nini na B ni nini.

Jambo dogo kuhusu salamu. Vijana wetu wamelelewa vizuri, kwa hiyo hutuma "Shikamoo" kisha husubiri "Marahaba" kabla ya kusema shida yao, na mimi mara nyingine huiona salamu hiyo baada ya saa nzima nikiwa nimetoka kupakua mzigo. Salamu ibaki, ila ikae mwanzoni mwa ujumbe uleule wenye picha na ombi.

Namna ya kupima kama dalili hii imekwisha ni rahisi. Kabla hajatuma, afunike picha kwa kiganja na kusoma maneno peke yake. Ikiwa mtu asiyeiona picha anaweza kusema kinachoombwa, maneno yanatosha. Maneno kama "hii", "hicho" na "ile ya jana" ndiyo huanguka kwanza katika kipimo hiki, maana bila picha hayashiki kitu.

Dalili: msomaji anataja bei, nawe hukuuliza bei

Hii haina maelezo marefu. Muuza duka akiona picha isiyo na swali hujibu swali analoulizwa kila siku, nalo ni bei. Daktari wa mifugo akitumiwa picha ya ng'ombe atauliza ng'ombe anaumwa nini, na dalali akitumiwa picha hiyohiyo atauliza anauzwa kiasi gani. Kijana aliyekuwa anataka kujua kama kioo kinaingiliana na cha gari jingine lazima aliandike swali hilo likiwa swali, lenye kiulizi chake, na liwe karibu na mwisho wa ujumbe ili msomaji alijibu akiwa bado analiona.

Dalili: kilichofika ni chenyewe, ila ni cha upande wa pili

Hapa ndipo hasara ya kweli ilipo, na hapa ndipo mimi na mpwa wangu tulipoanguka, kwa hiyo nitalieleza kosa letu hatua kwa hatua.

Gari lilikuwa Toyota IST nyeupe. Baada ya kuelewa kwamba anataka saiti mira, nilimwuliza, "Ya upande gani?" Akanijibu, "Huohuo wa kwenye picha, mjomba." Nikamwomba picha nyingine iliyo karibu zaidi. Akaing'oa saiti mira, akailaza juu ya meza ya kazi, akaipiga picha. Nikaitazama kwa jicho la muuzaji. Sisi huutambua upande kwa mkono unaoshika mlango: ukiishika saiti mira wima, uso wa kioo ukikutazama, mkono ukiwa kulia basi ni ya kushoto ya gari, na mkono ukiwa kushoto basi ni ya kulia. Katika picha ile mkono ulikuwa kushoto. Nikafunga ya kulia, nikaipeleka basini.

Kumbe alikuwa ameilaza kichwa chini. Kitu kama hicho kikigeuzwa juu kuwa chini, mkono uliokuwa kulia huhamia kushoto, na juu ya meza hakuna kitu kinachokuonyesha kwamba kimegeuzwa. Gari lilihitaji ya kushoto. Yeye hakusema uongo, nami sikutazama vibaya. Picha peke yake ilikuwa na majibu mawili, na hakuna aliyeandika neno moja la kulichagua lililo sahihi.

Kwa hiyo upande uandikwe kwa maneno kila mara, hata pale ambapo kijana anaona picha inajieleza. Lakini neno "kushoto" nalo halitoshi, kwa sababu lina wenyewe wawili. Mtu anayesimama mbele ya gari akilitazama usoni, upande wa kushoto wa gari uko kulia kwake, na katika picha aliyoipiga akiwa hapo utaonekana kulia vilevile. Akizunguka akasimama nyuma ya gari, mambo hugeuka. Mwanafunzi anayeandika "kushoto" akiangalia skrini yake, na msomaji anayesoma "kushoto" akifikiria gari, wanazungumzia pande mbili tofauti bila kujua.

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba kushoto na kulia huhesabiwa kwa mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele. Mfundishe kijana kwa mwili na si kwa mdomo: akae kwenye kiti cha dereva, ainue mkono upande wenye tatizo, kisha autaje mkono huo. Halafu aongeze neno la pili linalothibitisha la kwanza, mathalani "kushoto, upande wa abiria." Maneno mawili yakipingana, msomaji ataona na kuuliza kabla ya kufunga mzigo. Neno moja likiwa na kosa, hakuna cha kulipinga.

Sitetei kuandika "upande wa dereva" peke yake, ingawa wengi hufanya hivyo na hapa Tanzania mara nyingi hupita salama kwa kuwa usukani wetu uko kulia. Wateja wa Kigoma huniletea pia kazi za magari yanayotoka Burundi, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, na baadhi ya magari yao usukani uko kushoto huku mengine, yaliyotoka Japani, usukani uko kulia. Kwa gari la namna hiyo, "upande wa dereva" huwa kitendawili. Andika mkono kwanza, dereva au abiria baadaye.

Picha nayo irekebishwe. Kabla ya kung'oa kitu chochote kwenye gari, apige picha moja akiwa amerudi nyuma hatua tatu au nne, ili kipande hicho kionekane kikiwa mahali pake pamoja na taa ya mbele au gurudumu. Picha hiyo haina umuhimu wa kuuza, wala haionyeshi namba yoyote, lakini ndiyo inayosema juu ni wapi, mbele ni wapi na upande ni upi. Baada ya hapo ndipo ang'oe na kupiga ya karibu.

Dalili: upande ni sahihi, lakini hakifungiki

Mara ya pili mpwa wangu alipata upande sawasawa, kisha akapiga simu akisema soketi haziingiliani. Saiti mira za gari la aina moja zinaweza kufanana kwa nje mpaka kwenye rangi, na zikatofautiana kwa waya zilizo nyuma. Katika magari mengi ya Kijapani, ile ambayo kioo chake husogezwa kwa umeme tu huwa na waya 3, na ile ambayo pia hujikunja kwa kitufe huwa na waya 5. Zipo zenye waya zaidi, kwa mfano zile ambazo kioo chake hupashwa joto.

Chanzo cha kosa ni kwamba kijana hupiga picha ya sehemu anayoiona mwenye gari, yaani uso, wakati msomaji anahitaji sehemu inayokutana na gari. Hili halihusu vioo pekee. Kwa bomba ni ncha, kwa pampu ni uso wa kuunganishia na matundu ya bolti, kwa taa ni soketi na masikio ya kufungia. Ukimfundisha jambo moja tu kuhusu picha yenyewe, mfundishe kugeuza kifaa na kupiga picha ya mahali kinaposhikia.

Katika maneno, aandike hesabu aliyoihesabu kwa mkono wake: "Soketi ina waya 5." Asiniachie mimi nihesabu kwenye picha, kwa sababu waya nyeusi mbili zilizokaa pamoja huonekana moja. Tena ahesabu waya zinazoingia kwenye soketi, si matundu ya soketi, maana baadhi ya matundu huwa matupu.

Dalili: "Namba haisomeki"

Magari ya Toyota yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huwa na kibati kidogo cha chuma, ambacho kwa mengi hukaa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Hapo kuna mstari wa MODEL, kuna FRAME No. ambayo ndiyo namba ya chesisi, na kuna COLOR. Namba ya chesisi ya magari haya huanza na msimbo wa gari, kisha kistari, kisha tarakimu. Kwa IST ya mteja wa mpwa wangu ilianza na NCP61, yaani ile ya injini ya sisi 1,500, na rangi ilikuwa 040, ambayo ni nyeupe ya kawaida ya Toyota. Kibati hicho kimoja humaliza mabishano mengi, ikiwa kinasomeka.

Mara nyingi hakisomeki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mwanga: chuma hung'aa, na taa ya simu ikiwaka usoni mwake huacha doa jeupe juu ya namba. Dawa yake ni kuzima taa ya simu, kukifuta kibati vumbi na mafuta kwa kitambaa, kisha kupiga picha kwa kuinamisha simu kidogo upande mmoja. Ya pili ni kwamba WhatsApp huipunguza picha wakati wa kuituma ili iwe nyepesi, na maandishi madogo ndiyo hufa kwanza. Kwenye skrini ya kutuma kuna kitufe chenye herufi HD kinachopunguza hasara hiyo, na picha ikitumwa kama hati badala ya kutumwa kama picha hufika bila kupunguzwa. Inakula bando zaidi, kwa hiyo afanye hivyo kwa picha ya kibati tu na si kwa zote.

Hata picha ikiwa safi, namba iandikwe pia kwa herufi ndani ya ujumbe. Sababu yake ni kwamba picha na maandishi hukaguana. Sifuri na herufi O, moja na herufi I, nane na herufi B hupotezana kila siku, na ninapoona picha inasema hivi na maandishi yanasema vile, ninajua pa kuuliza. Isitoshe, namba iliyoandikwa ninaweza kuinakili na kuitafuta, na iliyo kwenye picha nalazimika kuiandika upya mwenyewe, nikiongeza makosa yangu juu ya yake.

Tahadhari moja: namba ya chesisi ni mali ya mwenye gari. Ipelekwe kwa muuzaji anayeihitaji, na isiwekwe kwenye kundi la mafundi 200 kwa sababu ya kioo kimoja.

Dalili: msomaji anajibu kuhusu picha isiyo yenyewe

Picha tano zikitumwa kwa mfululizo, kisha maneno yakafuata chini peke yake, msomaji hajui maneno ni ya picha ipi. Hali huwa mbaya zaidi ujumbe mwingine ukiingia katikati. Picha tatu zinatosha kwa agizo la kawaida, yaani ya mbali, ya nyuma yenye soketi na ya kibati, na kila moja iandikwe maneno yake katika nafasi ya maelezo iliyo chini yake kabla ya kutumwa. Ombi lenyewe likae chini ya picha ya kwanza.

Hata hivyo maelezo yanaweza kutengana na picha. Mimi nisipokuwa na kitu humpelekea jirani yangu picha hiyo, na anayepeleka mbele anaweza kuyaondoa maelezo, kwa makusudi au kwa kidole kuteleza. Ndiyo maana ninapenda neno fupi kama "KUSHOTO" liandikwe juu ya picha yenyewe kwa ile kalamu, kwa kuwa hilo haliondoki picha inapohama.

Akigundua kosa baada ya kutuma, WhatsApp humruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Lakini asitumie njia hiyo kwa upande, kiasi au namba. Huenda nimeshausoma ujumbe wa kwanza na nimeshapanda ngazi kufuata ya kulia, na maandishi yakibadilika kimyakimya sitarudi kuyatazama. Kwa mambo hayo aandike ujumbe mpya akiujibu ule wa zamani: "Nimekosea hapo juu. Ni kushoto, si kulia."

Dalili: kimya, au mzigo unatumwa kabla hamjakubaliana

Dalili hizi mbili hufanana kidogo sana, ila chanzo chake ni kimoja: ujumbe haukusema hatua inayofuata ni ya nani. Mmoja anayesoma hudhani bado mteja anatafutatafuta, akaacha. Mwingine hudhani amekwisha kuagizwa, akafunga mzigo. Kijana aandike anachosubiri kutoka kwangu, na kabla ya saa ngapi, pamoja na sababu. "Haraka" si saa. "Kabla ya saa 8 mchana, ili mzigo uwahi basi la jioni" ni saa, na inaniambia pia kwamba nikipata kitu saa 10 nisihangaike kukimbilia kituoni bila kumwuliza.

Ujumbe wenyewe baada ya kurekebishwa

Agizo lililoanza kwa "Mjomba?" tuliliandika upya pamoja likawa hivi, chini ya picha iliyopigwa kutoka mbali, yenye duara moja na neno KUSHOTO:

"Shikamoo mjomba. Naomba kununua saiti mira 1 nzima, ya kushoto (upande wa abiria), ya Toyota IST NCP61. Ni ya umeme na inajikunja, soketi ina waya 5. Rangi ya gari ni nyeupe 040. Ukikosa nyeupe, rangi yoyote inafaa, tutapaka wenyewe. Picha ya 2 ni soketi, picha ya 3 ni kibati. Je, unayo, na bei yake ni kiasi gani? Naomba jibu kabla ya saa 8 mchana ili iwahi basi la jioni. Usiitume kabla sijathibitisha."

Angalia sentensi inayohusu rangi. Haikuwemo katika majaribio matatu ya kwanza, na nilipomwuliza kwa nini, alisema rangi inaonekana kwenye picha. Ni kweli inaonekana, lakini picha haiwezi kusema kama rangi ni sharti au ni bahati. Muuzaji asiye na nyeupe angejibu "Sina" na kufunga mazungumzo, huku ya rangi ya fedha ikiwa mbele yake na mteja akiwa tayari kuichukua. Kila anapoandika agizo, ajiulize ni kitu gani katika picha hakiwezi kubadilika na kipi kinaweza, kisha aviandike vyote viwili.

Namna ya kumzoesha

Kumsomea kijana kanuni hizi hakukunisaidia. Kilichosaidia ni kumgeuza kuwa msomaji. Alipokuja Dar es Salaam kwa likizo ya wiki mbili, nilimpa simu ya dukani ambayo huingia maagizo, nikamwambia atafute vitu rafuni akiwa peke yake, bila ruhusa ya kumpigia mteja isipokuwa mara moja tu kwa kila agizo. Siku ya kwanza alipokea picha ya taa ya nyuma iliyopigwa usiku, na maneno "Boss hii ipo?" Alisimama mbele ya rafu ya taa kwa muda mrefu, akizishika moja moja na kuzilinganisha na giza lile, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu hajasema hata gari."

Siku ya pili nilimfungulia ujumbe wake mwenyewe wa zamani, nikalificha jina lake, nikamtaka anitafutie kile kioo. Alileta cha kulia. Sikumwambia kitu, nilikigeuza kichwa chini juu ya kaunta nikamwonyesha picha.

Wewe usiye na duka unaweza kufanya jambo hilohilo kwa watu wawili na chumba kimoja. Mmoja apige picha ya kitu kilichomo kabatini na kuandika ombi, mwingine aliyeko nje aingie na kukileta bila kuuliza chochote. Anapoleta kisichotakiwa, msibishane nani ana kosa. Someni ujumbe tena kwa sauti, mtafute neno ambalo lingemzuia asikishike kile alichokishika, na neno hilo liongezwe. Maneno ambayo hayakuzuia kosa lolote yafutwe, kwa kuwa ujumbe mrefu nao husomwa nusu.

Lipo jambo moja ambalo ujumbe mzuri kiasi gani hauliondoi. Kipuri kilichotumika kinaweza kuwa sahihi kwa kila namba na bado kikawa na ufa, au mota yake ikawa imekufa. Kwa hiyo baada ya bei, kabla ya pesa kwenda, kijana aombe picha kutoka kwa muuzaji kwa utaratibu uleule: "Naomba picha ya soketi ya hiyo uliyoishika, na picha ya mkono wake ikiwa wima, kioo kikitazama kamera." Mpwa wangu sasa huniomba hivyo hata mimi, na mwezi uliopita, nilipokuwa namtumia picha hizo, niliona waya ni 3.